Wanagombea nini? Kuandika mchezo wa tendo moja juu ya ugomvi wa familia, pamoja na maelekezo ya jukwaani

Mchezo wa kwanza nilioandikia kikundi cha mtaani kwetu ulihusu ndugu watatu waliogombea ufunguo wa sanduku la marehemu baba yao. Mazoezini ulikuwa mtamu. Siku ya onyesho tulicheza uwanjani saa kumi jioni, watu wamekaa pande tatu na watoto wamejaa hadi ukingoni mwa mkeka. Hatujafika mbali, mzee mmoja aliyesimama nyuma akauliza kwa sauti, "Kwani hawa wanagombea nini?" Ufunguo ulikuwa mkononi mwa mwigizaji muda wote ule. Mtu aliye mita 10 hakuwa na njia ya kuuona, na mimi kwenye maandishi nilikuwa nimeandika tu: "Anaushika ufunguo kwa uchungu."

Tangu siku hiyo sianzi kuandika maneno ya ugomvi kabla sijaweza kumjibu mzee yule kwa kitu anachokiona. Mwongozo huu unafuata njia hiyo hiyo. Nitautumia mchezo mmoja wa mfano tangu mwanzo hadi mwisho: ndugu watatu na mama yao mkubwa, siku ya arobaini ya mama, wakigombea cherehani yake. Unachezwa kwa dakika 25 hivi, na unahitaji watu wanne, mkeka, kiti kimoja, ungo na cherehani.

Tafuta kitu kabla ya kutafuta maneno

Ugomvi wa nyumbani una tabia ya kutawanyika. Watu huanza na sufuria isiyooshwa, wakahamia kwenye mchango wa harusi ya miaka 8 iliyopita, wakamalizia na nani alipendwa zaidi na mama. Nyumbani tunaelewana kwa sababu tunaijua historia. Mtazamaji haijui, kwa hiyo anahitaji kitu kimoja cha kukishika kwa macho huku maneno yakizunguka.

Kitu hicho kiwe kikubwa kiasi cha kuonekana kutoka nyuma ya umati. Kiweze kuhamishwa, kwa kuwa kitu kisichohama, kama nyumba au shamba, hukufanya uandike hotuba. Na zaidi ya yote, kila upande uwe na haja ya kweli nacho. Ukichagua kitu ambacho mmoja anakihitaji na mwingine anakitamani tu, umeshatoa hukumu kabla mchezo haujaanza, na watu watakaa wakimsubiri mwovu aadhibiwe.

Nimechagua cherehani ya mkono, ile ya chuma yenye mfuniko wa mbao, kwa sababu inatimiza yote hayo na ina sauti juu yake. Ikizungushwa inasikika, ikisimama kila mtu anajua imesimama. Tena ina jambo ambalo mwandishi asiyewahi kushona hulikosa: mkono wa kulia unazungusha mpini na wa kushoto unaongoza kitambaa. Mwigizaji anayeshona hana mkono wa bure. Akitaka kumnyooshea kaka yake kidole, lazima aache kushona, na sauti ikatike. Hapo kitu chenyewe kinakusaidia kuandika.

Watu wanne, kila mmoja na haki yake

Kwa mchezo wa tendo moja, watu wanne wanatosha, na watano ndio ukomo wangu. Zaidi ya hapo utaanza kuandika mistari ya kuwapa watu kazi tu.

Salehe, kaka mkubwa, ana miaka arobaini na kitu na anaishi mjini. Alikopa ili kulipia matibabu ya mama, na anayemdai hangoji tena. Tatu, dada yake, ni fundi cherehani. Ndiye aliyemuuguza mama, na ana sare za shule za wateja ambazo lazima ziishe kabla ya Jumatatu. Juma, kitinda mimba, ana miaka 19 na bado hajapata kazi. Anamtegemea kaka kwa nauli na dada kwa chakula. Mama mkubwa ni dada wa marehemu. Yeye anataka watoto wasiachane siku hiyo wakiwa na kinyongo, kwa sababu anajua hakuna siku nyingine itakayowakusanya wote.

Hakikisha unaweza kumtetea kila mmoja kwa sentensi moja bila kusita. Mimi huwa naandika sentensi hiyo juu ya ukurasa, na nikiona sentensi ya mtu mmoja inaanza na "ni mchoyo" au "ni mvivu", najua bado sijamjua mtu huyo.

Kisha tia saa. Ugomvi usio na saa unaweza kuahirishwa hadi kesho, na watazamaji wanalijua hilo. Katika mchezo huu Salehe ameshapata mnunuzi, naye atapita kabla ya magharibi. Salehe ametaja hivyo mapema. Asilolijua Tatu ni kwamba arabuni imeshapokelewa, na aliyetumwa kuipokea ni Juma. Siri ya namna hii ni bora kuliko wasia unaochomolewa chini ya godoro mwishoni. Wasia humaliza ugomvi kwa niaba ya wahusika. Arabuni inauwasha, tena inamwingiza ndani yule aliyekuwa amejificha nyuma ya ukimya.

Neno moja kuhusu mahali pa kuchota hadithi. Mtaani kila mtu anamjua kila mtu, kwa hiyo usichukue ugomvi wa nyumba moja ukaupandisha jukwaani. Changanya nyumba tatu au nne: kazi ya huyu, deni la yule, msiba wa kwingine. Badilisha idadi ya watoto na kitu kinachogombewa. Nakala ikiisha, msomee mtu anayewajua majirani wote umuulize anamfikiria nani. Akitaja nyumba moja bila kusita, rudi ukabadilishe. Na kama mhusika wako anataja sheria ya mirathi, mpelekee mistari hiyo kadhi, mchungaji au msaidizi wa kisheria kabla ya onyesho, kwa kuwa watu wataondoka wakiamini walichokisikia. Katika mchezo wangu nimemwachia Mama mkubwa neno moja tu juu ya hilo: mambo ya mirathi yatakaliwa na wazee wiki ijayo. Mnunuzi hawezi kungoja wiki ijayo, na hapo ndipo joto linapotoka.

Andika safari ya kitu

Sasa chukua karatasi, na kabla ya mazungumzo yoyote andika kitu kinahama vipi kutoka mwanzo hadi mwisho. Safari ya cherehani yangu ina vituo sita.

Mwanzo iko katikati ya mkeka, imefunikwa kanga ya marehemu. Tatu anaifunua na kuanza kushona. Salehe anaifunika kwa mfuniko huku Tatu akiwa bado anashona. Juma anaibeba hadi mlangoni kwa amri ya Salehe, na arabuni inajulikana. Mama mkubwa anakwenda kukaa kizingitini, cherehani ikawa haiwezi kutoka wala haijarudi. Mwisho Tatu anauhamisha mkeka wake hadi pale pale mlangoni, anaifunua cherehani na kushona akiwa hapo.

Soma vituo hivyo peke yake. Hata bila neno moja, unaona nani ana nguvu wakati gani. Kila kituo ni kama dakika 4 za mchezo, na ndani ya kila kituo kuna swali moja tu la kujibiwa. Ukijikuta umeandika kurasa mbili na cherehani haijasogea wala haijaguswa, mara nyingi wahusika wameanza kurudia waliyoyasema.

Upe uwanja majina

Vitabu vingi hufundisha kuandika "kulia mwa jukwaa" na "kushoto mwa jukwaa", yaani kulia na kushoto kwa mwigizaji anayewatazama watu. Ukumbini hilo linafaa. Uwanjani, watu wakiwa pande tatu, kila mwigizaji ana kulia kwake, na nimeona mazoezi ya saa nzima yakipotea kwa neno hilo moja.

Badala yake taja mahali kwa vitu: mlangoni, jikoni, mkekani, kitini. Chora mraba mmoja juu ya karatasi, wa hatua 6 kwa 6, uandike majina hayo, na mchoro huo uwe ukurasa wa kwanza wa nakala ya kila mwigizaji. Upande ambao watu hawakai ndio nyuma. Huko weka mlango na jikoni, ili wanaoingia wasipite katikati ya watoto. Mlango unaweza kuwa nguzo mbili za mianzi, na kizingiti kipande cha ubao chini. Ubao huo usiuache, kwa maana Mama mkubwa atakuja kuukalia.

Vikao navyo vinasema. Kiti ni kimoja, na Mama mkubwa ndiye mwenye nacho. Tatu yuko mkekani, Salehe anasimama muda mwingi kwa sababu ni mgeni nyumbani kwao, Juma anachutama karibu na jikoni, tayari kutumwa. Mtazamaji wetu anazisoma nafasi hizi bila kuambiwa. Ndiyo maana siku Mama mkubwa anaondoka kitini na kukaa chini kizingitini, uwanja wote unanyamaza.

Maelekezo ya mwanzo ya mchezo, basi, yanakuwa hivi:

*(Sebule ya nyumba ya marehemu, siku ya arobaini, alasiri. Wageni wameondoka. Mkeka katikati, juu yake cherehani ya mkono imefunikwa kanga. Kando yake rundo la mashati meupe ya shule. Kiti kimoja karibu na jikoni. Mlango upande wa nyuma, una kizingiti. MAMA MKUBWA yuko kitini, anachambua mchele kwenye ungo. TATU anaingia kutoka jikoni, mikono imelowa. Anaikaushia kwenye nguo aliyovaa, anakaa mkekani, anaikunja kanga mara nne na kuiweka mapajani. Anaanza kushona.)*

Hakuna hapo habari ya rangi ya kuta wala maisha ya marehemu. Nimeandika vile tu ambavyo kikundi kitavileta uwanjani na mwigizaji atavifanya.

Maelekezo yanayochezeka

Kila ninapoandika maelekezo najiuliza: hili mtu wa nyuma ataliona au atalisikia? Kama jibu ni hapana kwa yote mawili, nalifuta au nalitafutia tendo.

"Tatu anakumbuka jinsi mama alivyomfundisha kushona." Haionekani. "Tatu anapitisha kiganja juu ya cherehani, anafuta vumbi lisilokuwepo." Inaonekana. "Salehe anakasirika sana." Mwigizaji atapiga kelele tu, maana hujampa kazi nyingine. "Salehe anavaa viatu, kisha anavivua." Sasa ana la kufanya, na hasira yake itatoka kwa namna yake mwenyewe.

Maelekezo ya sauti, kama "kwa ukali" au "kwa upole", tumia machache sana. Mstari ulioandikwa vizuri unabeba sauti yake. Yanahitajika pale maneno yanaposema jambo moja na moyo jingine, na hata hapo tendo hushinda. Salehe anapoingia Tatu anasema, "Karibu kaka," bila kuinua macho kwenye mshono. Hayo maneno matano, "bila kuinua macho kwenye mshono", yametosha.

Kimya nacho kipime kwa tendo. Ukiandika "kimya kirefu", mwigizaji mwoga atahesabu hadi mbili na mjasiri hadi ishirini. Andika: "Tatu anashona upande mzima wa kola. Hakuna anayesema." Kimya hicho kitakuwa na urefu ule ule kila onyesho.

Kuhusu umbo: majina ya wahusika kwa herufi kubwa, maelekezo ndani ya mabano na kwa herufi za mlazo, au yapigiwe mstari kama unaandika kwa mkono. Tumia wakati uliopo, "anaingia", "anafunika". Tendo likitangulia maneno, liandike kabla ya maneno. Likiyakata katikati, liandike katikati. Hili linaonekana dogo, lakini waigizaji wa mtaani hufanya kwa mpangilio wanaousoma, na tendo lililoandikwa mwishoni mwa mstari litafanywa mwishoni.

Ukurasa mmoja kwa ukaribu

Hiki ni kituo cha tatu na mwanzo wa cha nne.

*(Cherehani inalia. SALEHE amesimama nyuma ya TATU.)*

SALEHE: Tatu.

*(Cherehani inaendelea.)*

SALEHE: Tatu, nasema na wewe.

TATU: *(Bado anashona.)* Mama mkubwa, mwambie kaka nina sare sita, na shule zinafunguliwa Jumatatu.

MAMA MKUBWA: *(Anachambua mchele.)* Mwenyewe hana masikio?

SALEHE: Na wewe mwambie mdogo wangu, mama mkubwa, hospitali haikulipwa kwa sare.

*(Cherehani inanyamaza. TATU anakata uzi kwa meno, anakunja shati, analiweka juu ya mengine, analinyoosha.)*

TATU: Hospitali naijua mimi. Miezi minne nimelala sakafuni chini ya kitanda cha mama. Mwambie ataje jina la nesi mmoja. Mmoja tu.

*(Anachukua shati jingine. Anashona.)*

SALEHE: Mwambie dawa hazinunuliwi kwa majina ya manesi.

*(Anaokota mfuniko wa mbao, anaufunika juu ya cherehani. TATU anauchomoa mkono wake mfuniko ukiwa unashuka.)*

MAMA MKUBWA: Salehe.

SALEHE: Naam, mama mkubwa.

MAMA MKUBWA: Umemfunika mwenzio mkono.

SALEHE: Nimefunika cherehani.

MAMA MKUBWA: Mimi nimeona mkono.

*(Anarudi kwenye mchele. JUMA anaingia kutoka jikoni na sinia la vikombe.)*

SALEHE: Juma. Ibebe hiyo, iweke mlangoni.

*(JUMA anamtazama TATU. Anamtazama SALEHE. Anaweka sinia chini, anainama kuibeba. Noti zinadondoka kutoka mfuko wa shati lake. Anabaki ameinama. MAMA MKUBWA anaweka ungo chini, anakwenda, anaziokota moja moja, anazinyanyua juu ya kichwa kila anapohesabu.)*

MAMA MKUBWA: Elfu kumi. Ishirini. Thelathini. *(Anamtazama Juma.)* Baba, wewe hata nauli ya kwenda sokoni unaomba. Hii thelathini imetoka wapi?

Angalia ndugu hawa wanavyosemezana kupitia kwa Mama mkubwa. Ndivyo tunavyogombana mbele ya mkubwa: hatumrukii mtu, tunamtuma mzee aliyekaa hapo hapo. Kwa mwandishi hii ni hazina. Hasira inaongezeka huku adabu ikibaki, na siku Tatu atakapomgeukia Salehe moja kwa moja, bila "mwambie", watazamaji watajua mpaka umevukwa. Ihifadhi siku hiyo. Mimi nimeiweka kituo cha tano, ambapo Tatu anasimama kwa mara ya kwanza na kusema, "Uliiuza mama akiwa hai?"

Noti zilinirudisha kwenye kosa langu la ufunguo. Ni ndogo, haziwezi kuonekana. Ndiyo maana Mama mkubwa anazinyanyua na kuzihesabu kwa sauti. Kitu kidogo kikibidi kuwepo, mpe mtu sababu ya kukitaja. Hapa sababu ni ya kweli: mwanamke wa umri wake akiokota fedha sakafuni mbele ya watu, atazihesabu kwa sauti ili baadaye asidaiwe pungufu.

Jambo la tatu ni kukatizana. Katika ugomvi wa kweli watu hunena kwa pamoja. Uwanjani, bila kipaza sauti, watu wawili wakisema pamoja hasikiki hata mmoja. Ukitaka vurugu ya sauti, iandike iwe fupi na iseme nani asikike: "Salehe na Tatu wanasema kwa pamoja, hawasikilizani, Mama mkubwa anapiga ungo kwa kofi mara tatu, wananyamaza." Kisha mwenye mstari muhimu aurudie katika ule ukimya.

Kuvutana, taa na mambo mengine yanayovunjika

Cherehani ya chuma ina uzito wa zaidi ya kilo 10. Usiandike wakiigombania kwa mikono, kwa sababu siku moja itaangukia mguu wa mtu. Kama mchezo unahitaji kuvutana, wavutane kwa mfuniko wa mbao, tena uandike mwisho wake: "Wanavuta mara mbili. Tatu anauachia. Salehe anarudi nyuma hatua moja, mfuniko uko mkononi mwake." Na sindano itolewe kabla ya zoezi la kwanza, isirudishwe. Mpini unazunguka na sauti inatoka vile vile. Mafundi wengi wana cherehani mbovu nyuma ya duka na huiazima kwa moyo mkunjufu. Iombe mapema, kwa maana mwigizaji wa Tatu anahitaji wiki mbili za kuzoea kusema huku anazungusha.

Taa, ukicheza mchana uwanjani, hazipo. "Taa zinazimika" ni mstari usio na mtu wa kuutekeleza. Pazia hakuna. Sauti ya radio ya jirani, mvua na pikipiki zitakuja zenyewe bila kuandikwa. Ninachofanya ni kuhakikisha mistari mitatu inayobeba hadithi, kuhusu deni, sare na arabuni, kila mmoja unasemwa mara mbili kwa vinywa viwili tofauti, ili aliyekosa wa kwanza apate wa pili. Panga pia saa ya kuanza ili usimalize katikati ya adhana. Mchezo wangu una magharibi ndani yake, na adhana ya kweli ikiingia wakati wa kituo cha pili inauharibu.

Mwisho usio na pazia

Waandishi wa michezo ya jamii hushawishika kumtoa mzee mwishoni aeleze nani mkosa. Usifanye hivyo. Mzee akishahukumu, watu hupiga makofi na kuondoka, wakati ulichotaka ni wabishane.

Mchezo huu unaisha Tatu akiwa ameburuta mkeka wake hadi mlangoni, cherehani imefunuliwa, Mama mkubwa kizingitini amempa mgongo, Salehe amekaa kwenye kile kiti kimoja bila kujua amekaa. Maelekezo ya mwisho ni haya:

*(TATU anashona. JUMA anachutama kando yake, anamshikia shati. Nje, sauti ya mwanamume: "Hodi!" Cherehani inanyamaza. Wote wanamtazama MAMA MKUBWA. "Hodi wenyewe!" MAMA MKUBWA anafungua mdomo. Anabaki hivyo. JUMA anasimama, anawageukia watu, anakwenda mbele kabisa ya uwanja.)*

Hatua ya Juma mwishoni ndiyo pazia letu. Akishafika mbele, mwezeshaji anasimama pembeni yake na kuwauliza watu: Mama mkubwa ajibu nini? Mbrazili Augusto Boal, aliyefariki mwaka 2009, ndiye aliyeieneza namna hii ya kumruhusu mtazamaji kusimamisha mchezo na kuingia mwenyewe mahali pa mhusika. Ukipenda kuitumia, weka alama mbili kwenye nakala ambapo mchezo unaweza kurudiwa. Mimi ningechagua pale Salehe anapoinua mfuniko, na pale Juma anapotazama huku na huku kabla ya kuinama. Katika sehemu zote mbili mtu bado ana nafasi ya kufanya vingine. Baada ya noti kudondoka, nafasi hiyo imekwisha, na mtazamaji ukimwingiza hapo atatoa nasaha tu.

Jaribio la bubu

Nakala ikiwa tayari, isome kwa sauti ukiwa umesimama, saa mkononi, ukitembea kila palipo na maelekezo. Ukipata dakika 20, uwanjani itakuwa 25, kwa vicheko na minong'ono. Ukipata 30, kata. Kwa kawaida pa kukata ni vituo vya kwanza viwili, mahali tunapoeleza mno.

Kisha waite waigizaji kwa zoezi moja la mwisho kabla ya kuwapa mistari waikariri. Mtu mmoja anasoma maelekezo peke yake, kutoka mwanzo hadi mwisho, na wanne wanayafanya bila kutamka neno. Mwalike mtoto wa miaka 10 hivi ambaye hajawahi kuusikia mchezo, akae mahali alipokuwa amesimama yule mzee wangu, mita 10 nyuma. Zoezi likiisha muulize wanagombea nini, nani aliificha fedha, na kwa nini bibi alikaa mlangoni. Swali atakaloshindwa kulijibu linakuonyesha ukurasa wa kwenda kuurekebisha. Mara ya kwanza nilipoufanyia jaribio hilo mchezo huu, mtoto alijibu mawili, la tatu akasema bibi alikuwa amechoka. Nikarudi nikaongeza neno moja kwenye maelekezo: Mama mkubwa anapokaa kizingitini, ananyoosha mkono na kushika nguzo ya mlango.